Maziwa yaliyoungua na maziwa yaliyokatika: jibu kwa barista mpya

"Shikamoo dada. Jana asubuhi mteja alirudisha kapuchino akisema maziwa yananuka kuungua. Mchana nikawa natengeneza late ya tangawizi, maziwa yakakatika mabongemabonge ndani ya jagi. Mwenzangu akaniambia yote mawili ni kosa moja, naachia mvuke mwingi mno, nipunguze. Nimepunguza, sasa povu linatoka kubwakubwa kama la sabuni. Nitajuaje maziwa yamefika bila kuyaunguza, na nifanyeje yasikatike?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu kwa maandishi ili na wenzako mlioanza pamoja wasome, maana najua si wewe peke yako uliyepewa ushauri huo wa kupunguza mvuke.

Kuungua na kukatika ni matatizo mawili tofauti kabisa. Angalia maziwa yanavyopikwa nyumbani: yanawekwa jikoni, yanachemka, yanafura, mtu akizubaa yanamwagika mpaka yanazima moto, na bado hayakatiki. Yanapata utando juu, yananuka kupikwa, lakini hayatoi mabonge. Basi kama moto wa jiko haukati maziwa mazima, mvuke wa mashine yetu hauwezi kuyakata kwa joto peke yake, hata ukiyasahau kwenye bomba la mvuke. Yakikatika, ujue kulikuwa na kitu ndani yake tangu kabla hujafungua mvuke, na joto limekidhihirisha tu. Kwa hiyo dawa ya kuungua iko mkononi mwako pale kwenye bomba, na dawa ya kukatika iko kwenye friji na kwenye kile unachokitia ndani ya jagi.

Nianze na kuungua, maana ndilo linalotokea kila siku.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa sehemu kubwa, kama 87 katika kila 100. Katika kilichobaki kuna mafuta, kuna sukari ya maziwa, na kuna protini kidogo, kama 3 na ushee katika 100. Hizo protini ziko za aina mbili, na ukizielewa hizo mbili umeelewa karibu kila kitu nitakachokuambia. Ya kwanza ni kaseini, ambayo ndiyo nyingi, kama asilimia 80 ya protini zote. Kaseini ni ngumu mbele ya joto, ndiyo sababu maziwa huchemka bila kukatika, lakini ni dhaifu mbele ya asidi. Aina ya pili ni zile protini zinazobaki kwenye maji ya kijanikijani maziwa yanapoganda. Hizi ni kinyume chake: asidi haizisumbui sana, bali joto linaziharibu. Kuanzia nyuzi 65 hadi 70 hivi za Selsiasi zinaanza kujikunjua na kupoteza umbo lake. Zikizidi kupashwa, kwenye 75 na kwenda juu, zinaachia harufu yenye salfa, ile inayofanana na yai lililochemshwa. Hiyo ndiyo harufu aliyoisikia mteja wako. Wengi husema ni sukari ya maziwa imeungua, lakini sukari hiyo haiungui kwenye joto dogo kama hilo.

Protini hizohizo ndizo zinazoshika povu. Unapoingiza hewa kwenye maziwa, protini hukimbilia kwenye ukingo wa kila kipovu na kukizungushia ngozi nyembamba. Zikiwa bado hazijaharibika, ngozi hiyo inanyumbulika, na povu linabaki laini, linang'aa, linamiminika pamoja na maziwa. Ukipitisha joto, povu linakakamaa, linajitenga na kukaa juu kama kofia, na chini yake unabaki na maziwa mepesi yasiyo na ladha. Tena ulimi wetu huonja utamu wa maziwa vizuri zaidi yakiwa kati ya 55 na 65. Zaidi ya hapo mteja anahisi moto kabla ya kuhisi ladha. Kwa sababu hizo zote, shabaha yetu hapa ni 60, na ukifika 65 umefika mwisho.

Sasa kazi yenyewe. Maziwa yatoke kwenye friji moja kwa moja, na jagi liwe baridi. Kama limetoka kutumika, lisuuze kwa maji baridi kwanza. Si urembo huo. Maziwa yakianza kwenye nyuzi 4 unapata muda wa kutosha wa kutia hewa na kuizungusha kabla ya kufika 60, lakini yakianza kwenye 25 muda umeshaliwa nusu, na utajikuta bado unatafuta povu wakati joto limeshapita. Jaza mpaka chini kidogo ya pale mdomo wa jagi unapoanza. Ukijaza kidogo mno, ncha ya bomba haina pa kuzama na maziwa yanaungua kabla hujajipanga. Ukijaza kupita hapo, yatamwagika yakifura.

Kabla hujazamisha bomba, fungua mvuke hewani kwa sekunde moja au mbili. Ndani ya bomba huwa kuna maji yaliyotokana na mvuke uliopoa, na usipoyatoa yanaingia kwenye kinywaji. Maji yataingia tu hata ukifanya kila kitu sawasawa, kwa sababu maziwa yanapashwa na mvuke unaogeuka kuwa maji ndani yake. Kwa maziwa yaliyotoka kwenye friji, maji hayo ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Hiyo hatuna namna ya kuikwepa. Ila maji ya bombani juu yake, pamoja na ya mvuke dhaifu uliolowa, ndiyo yanayofanya late ionje kama imeongezwa maji.

Kisha zamisha ncha, kama sentimita moja tu, si katikati kabisa ya jagi bali pembeni kidogo, na jagi liinamishe. Fungua mvuke wote. Ndiyo, wote. Hapa ndipo ushauri wa mwenzako ulipokupoteza. Mvuke unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: unapasha, unaingiza hewa, na unazungusha. Hiyo ya tatu ndiyo inayovunja vipovu vikubwa kuwa vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukifungua nusu, hewa inaingia lakini maziwa hayazunguki kwa nguvu, na hakuna kinachovivunja vile vipovu vikubwa. Hilo ndilo povu lako la sabuni. Kupunguza mvuke hakukukuepusha na kuungua pia, kumekuchelewesha tu kufika palepale. Maziwa hayaungui kwa sababu mvuke ni mwingi. Yanaungua kwa sababu hukuufunga kwa wakati.

Mvuke ukishafunguka, shusha jagi polepole mpaka usikie sauti ya tsss, tsss, kama karatasi inayochanwa. Hapo ncha iko usawa wa juu wa maziwa na hewa inaingia. Kwa kapuchino sikiliza sauti hiyo kwa sekunde nne au tano, kwa late mbili au tatu zinatosha. Ukisikia mabubujiko makubwa na maziwa yanarukaruka, umeshusha jagi mno, ncha iko nje. Ukisikia mlio mkali wa kuchoma masikio, umezamisha mno na hewa haiingii kabisa, unapasha tu. Hewa yote iingie maziwa yakiwa bado hayajafikia joto la mwili wako, yaani kiganja kilichoshika ubavu wa jagi bado hakihisi moto. Ukifika hapo, pandisha jagi kidogo ili ncha izame, na uache maziwa yazunguke kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Kazi iliyobaki ni kuzungusha na kungoja joto. Anayeendelea kutia hewa maziwa yakiwa yameshapata moto anapata vipovu ambavyo havitapata muda wa kuvunjika.

Umeuliza utajuaje maziwa yamefika. Utajua kwa kiganja, lakini kiganja lazima kifundishwe kwanza. Kwa juma lako la kwanza tumia kile kipimajoto cha kubana kwenye jagi, na kila mara weka kiganja ubavuni. Utaona kwamba kuna mahali kwenye 50 na kitu ambapo huwezi tena kuendelea kushika bila kujilazimisha. Toa kiganja hapo, uanze kuhesabu taratibu. Kwenye mashine yetu, kwa jagi la kikombe kimoja, ukifika tatu funga mvuke. Kwa jagi kubwa la vikombe viwili hesabu inakuwa ndefu kidogo, kwa sababu maziwa mengi yanapanda joto polepole. Viganja havilingani, vya mpishi wetu vimezoea sufuria na vitamdanganya, kwa hiyo usiazime hesabu ya mwenzako. Tafuta yako kwa kipimajoto.

Na usikiamini kipimajoto kipofukipofu. Vile vya mshale husoma kwa kuchelewa, na hata ukishafunga mvuke joto hupanda nyuzi mbili au tatu zaidi. Ukingoja mshale ufike 60 ndipo ufunge, utaishia 63 au 65. Funga ukiona 57. Mara moja kwa juma kipime chenyewe: jaza glasi barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, tumbukiza, kinapaswa kusoma 0. Usikipime kwa maji yanayochemka ukitegemea 100. Hapa Arusha tuko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nimewahi kuona mtu akikitupa kipimajoto kizima kwa kosa hilo.

Ukishafunga mvuke, toa jagi, futa bomba papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, halafu fungua mvuke tena kwa sekunde moja. Bomba likipoa, mvuke uliomo ndani unasinyaa na kuvuta maziwa kidogo kuingia kwenye tundu. Usipoyatoa, yanakauka humo, na kikombe kinachofuata kitabeba harufu ya maziwa yaliyopikwa mara kumi.

Hapo turudi kwa mteja wako wa asubuhi. Nilipofika nililikuta bomba lina ganda la njano, na jagi lina maziwa yaliyobaki ambayo ulikuwa umeyaongezea mapya. Sidhani kabisa ulizidisha joto katika kikombe kile. Nadhani maziwa yaliyobaki yalikuwa yameshapashwa mara moja, protini zake zimeshaanza kulegea, ukayapasha tena pamoja na yale mapya, na ganda la bombani likamalizia. Maziwa yaliyopashwa hayarudiwi. Hata kama yamepoa, hata kama ni mengi na roho inauma. Povu lake halishiki na harufu yake haifichiki. Kinachobaki kwenye jagi mimina sinki, na kama kila mara kinabaki kingi, tatizo ni kipimo cha kujaza, siyo kumwaga. Mimi ndiye ninayenunua hayo maziwa na mimi ndiye ninayesema yamwagwe.

Kuna wateja watakaokuambia, "Nataka moto kabisa." Watu wetu wamezoea chai inayotoka jikoni ikitokota, na 60 kwao ni vuguvugu. Usibishane nao. Kwanza pasha kikombe kwa maji ya moto, maana kikombe kizito cha udongo kikiwa baridi kinaiba nyuzi kadhaa pale unapomimina, na mara nyingi malalamiko huishia hapo. Akitaka zaidi, nenda mpaka 70, umwambie kwa heshima kwamba povu litakuwa jembamba na utamu utapungua. Usivuke 70 kwa ajili ya mtu yeyote. Anayetaka yanayochemka mpe chai ya maziwa ya jikoni, ambayo ndiyo mahali pake.

Sasa kukatika. Nilikuambia kaseini ni dhaifu mbele ya asidi. Katika maziwa mabichi mazima, kaseini imekaa katika vijidonge vidogo sana vinavyoelea na kusukumana, havishikani. Vijidudu vya maziwa vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi ikiongezeka ule msukumano unapungua. Yakiachwa mezani mpaka yachache kabisa, vijidonge vinashikana hata bila moto, na hivyo ndivyo mtindi unavyopatikana. Lakini kabla ya kufika huko kuna hatua ya hatari kwetu: maziwa yameanza kuchacha, hayajaganda, yakiwa baridi hayanuki sana, ukiyaangalia huoni kitu. Ukiyapasha, joto linamaliza kazi ambayo asidi ilikuwa imeianza, na yanakatika mbele ya macho yako. Ndiyo maana watu wanalaumu mvuke.

Namna ya kujua ni rahisi. Kila asubuhi, na kila mara friji ilipokosa umeme, chukua vijiko viwili vya maziwa kwenye kisufuria na uyachemshe kweli. Yakitoa chembechembe pembeni, hayo hayatumiki. Kipimo hicho kina mipaka yake, kwa kuwa hukamata tu maziwa yaliyokwenda mbali. Kwenye vituo vya kukusanyia maziwa wanatumia spiriti maalumu inayokamata mapema zaidi. Sisi tuna kipimo kingine cha kwetu: kahawa yenyewe ina asidi. Maziwa yaliyo ukingoni yanaweza kuvuka salama kwenye jagi, halafu yakakatika pale yanapokutana na espreso, hasa ya kahawa iliyokaangwa kidogo, ambayo uchachu wake ni mkali. Ukiona vichembe vyeupe vinazunguka kwenye kikombe baada ya kumimina, usiseme ni povu. Mwaga, kisha fungua pakiti nyingine.

Kwenye friji, maziwa yakae chini ya nyuzi 4 au palepale, ndani kabisa na si mlangoni, maana mlango unafunguliwa kutwa. Umeme ukikatika usiifungue friji. Ikibaki imefungwa inahifadhi baridi kwa saa kama nne, baada ya hapo kila pakiti iliyofunguliwa ipimwe kisufuriani kabla ya kutumika. Pakiti isikae juu ya kaunta karibu na mashine kwa sababu tu foleni ni ndefu. Ile sehemu ina joto la kuotesha vijidudu.

Lakini maziwa yako ya jana mchana hayakuwa yamechacha, na hili nataka ulisome taratibu.

Pakiti uliyotumia ndiyo iliyotoa late mbili za kawaida dakika chache kabla, na hakuna iliyokatika. Mabonge niliyoyakuta kwenye jagi hayakuwa na harufu ya uchachu. Yalikuwa laini, kama mtindi mwepesi, na maji yake yalikuwa matamu. Jioni nilichukua maziwa ya pakiti ileile nikayachemsha kwenye kisufuria. Yakachemka vizuri, hayakukatika. Nikachukua mengine nikayapasha mpaka 65, nikatia kijiko cha maji ya tangawizi mbichi, yale uliyoyakamua asubuhi. Baada ya muda mfupi yakashikana. Mara ya mwisho nikachemsha kwanza yale maji ya tangawizi, kisha nikayatia kwenye maziwa ya joto lilelile, na hayakufanya kitu.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zinjibaini. Kinakata kaseini na kuifanya ishikane, kwa njia inayokaribiana na ile ya kugandisha maziwa ya jibini, bila asidi yoyote kuhusika. Kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la 60 hadi 70, yaani palepale tunapotaka maziwa yetu yafike. Huko kusini mwa Uchina, katika jimbo la Guangdong, wana kitindamlo kizima kinachotegemea jambo hilo: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi na kungoja yagande. Wewe uliwatengenezea wateja wetu kitu kile bila kukusudia. Hata ungekuwa fundi wa mvuke kuliko wote mjini, jagi lile lingekatika.

Kimeng'enya hicho kinakufa kikichemshwa. Ndiyo sababu wapishi wa chai wanaanza na maji, tangawizi na majani yakichemka, na maziwa yanaingia baadaye. Kuanzia leo hakuna maji mabichi ya tangawizi kwenye kaunta. Tutatumia sharubati: nusu kilo ya tangawizi iliyotwangwa, lita moja ya maji na nusu kilo ya sukari, vichemke dakika kumi kuanzia pale vinapoanza kutokota, vichujwe, vipoe, viingie friji kwenye chupa yenye tarehe. Baada ya siku nne kilichobaki kinamwagwa. Sharubati hiyo iingie kwenye kikombe pamoja na espreso, si kwenye jagi, kwa kuwa sukari na tangawizi ndani ya jagi zinaharibu povu na kuganda kwenye bomba. Papai bichi na nanasi bichi zina vimeng'enya vya jamii hiyohiyo, kwa hiyo atakayetaka kubuni late ya nanasi aje kwangu kwanza.

Kuna tatizo la tatu ambalo hukuliuliza ila litakujia, na watu hulichanganya na hayo mawili. Maziwa hayajaungua wala hayajakatika, umefanya kila kitu sawasawa, lakini povu linasinyaa mbele yako likitoa sauti ya kuchemkachemka. Mara nyingi hayo ni maziwa yaliyotikiswa sana yakiwa mabichi, mathalani kwenye dumu lililojaa nusu nyuma ya bodaboda kwenye barabara mbovu. Mtikiso unapasua vile vifuko vidogo vinavyofunika matone ya mafuta, na kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa yenyewe kinayavunja mafuta hayo kuwa asidi za mafuta. Hizo zinasukuma protini kutoka kwenye ukingo wa vipovu, na vipovu vinapasuka. Ukionja utapata uchungu mdogo kama wa sabuni. Mkono wako hauwezi kuyaponya maziwa hayo. Weka alama kwenye chombo na uniambie, nikazungumze na aliyeyaleta.

Hiyo ndiyo sababu kwa kahawa natumia maziwa freshi ya pakiti, ingawa ni ghali kuliko ya mfugaji. Ya muda mrefu, yale yanayokaa rafuni bila friji, yanatoa povu zuri na huwa ni akiba yetu umeme ukituchezea, ila yana ladha ya kupikwa tangu kiwandani na mteja mwenye ulimi ataitambua. Maziwa ya mfugaji tunayachemsha yote jikoni kwa ajili ya chai, yanapozwa haraka kwenye beseni la maji baridi na kuingia friji. Yasije kabisa kwenye bomba la mvuke yakiwa mabichi. Mtu anaweza kudhani kwamba mvuke unaua vijidudu, lakini kuvisafisha kunahitaji nyuzi 63 kwa nusu saa nzima, au 72 kwa sekunde 15, na sisi tunafika 60 na kuacha palepale. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na late nzuri yenye povu la kung'aa inaweza kuvibeba vyote viwili.

Mambo mengine usijaribu kuyatengeneza mwenyewe. Tazama geji ya boila kabla hujaanza zamu: mshale wa mvuke ukae kati ya bar 1 na 1.5. Ukiwa chini ya 1 mashine haijawa tayari au ina shida, na utapata mvuke uliolowa na povu baya. Ukipanda juu ya 1.5 na kuendelea, zima mashine unipigie simu. Vilevile bomba likiwa linatema maji hata baada ya kulifungulia hewani mara mbili, au koki ikivuja mvuke ikiwa imefungwa, hiyo ni kazi ya fundi wa mashine. Tundu la ncha likiziba kwa maziwa yaliyokauka, lifungue mashine ikiwa imezimwa na bomba limepoa, uloweke ile ncha kwenye maji ya moto. Usilichokoe kwa pini mvuke ukiwa wazi.

Na ukiungua mwenyewe, iwe kwa mvuke au kwa maziwa, acha kila kitu na uweke sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pete na saa vua mapema kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga, na usiweke barafu. Ngozi ikitoa malengelenge makubwa kuliko kiganja chako, au ukiwa umeungua usoni, kwenye jicho au kwenye kiungo cha mkono, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie yeyote aliye zamu akushikie mashine, foleni ya wateja itangoja.